"Bado Sijauza": Neno Moja Lililomponza Kijana

Kikao cha ukoo kimekaa chini ya mwembe. Kijana ameitwa kujibu tuhuma kwamba ameuza shamba aliloliacha babu, tena bila kumshirikisha mtu. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wa waliobaki, anamkazia macho na kumuuliza: "Mwanangu, umeuza shamba?" Kijana anainamisha kichwa, anajibu kwa heshima zote: "Shangazi, bado sijauza."

Kikao kinalipuka. "Bado? Kwa hiyo una mpango wa kuuza?"

Yeye alidhani amejitetea, na wenzake wamesikia mtu anayetangaza nia. Kilichomponza ni neno moja la silabi mbili. Angesema "Shangazi, sijauza" na kunyamaza, pengine kikao kingehamia kwenye jambo jingine. Kitenzi ni kilekile, wakati ni uleule, ila katika jibu moja kuna bado na katika jingine haimo.

Watu wengi huamini kwamba -ja- na bado ni kitu kimoja, na kwamba mtu anaweza kutumia hiki au kile apendavyo. Imani hiyo huzaa makosa ya aina mbili. La kwanza ni kama la kijana wetu, kuweka bado pasipotakiwa. La pili hutokea zaidi katika maandishi: mtu huona kwamba bado imekwisha kusema kuwa jambo halijatimia, akajiona huru kufuatisha kitenzi chenye wakati wowote. Ndipo tunaposoma "fedha bado hazikufika" na "mgeni bado hakuja". Tulifuate shamba hili hadi mwisho, maana litatuonyesha yote mawili.

Chombo cha nyumbani na chombo cha kuazima

Tuanze na -ja-. Hiki ni kiambishi, hukaa ndani ya kitenzi na hakiwezi kutoka nje kikasimama peke yake. Kazi yake ni kukanusha hali timilifu, ile ya -me-. Ameuza hukanushwa kuwa hajauza, wamefika huwa hawajafika, nimesoma huwa sijasoma. Kwa maneno mengine, -ja- humaanisha kwamba tangu zamani hadi dakika hii tunayozungumza, jambo halijatokea. Habari ya kesho haimo ndani yake. Linaweza kutokea, linaweza lisitokee.

Lugha za jirani zetu za Kibantu nazo zina kiambishi chao cha kazi hiyo. Mganda husema sinnalya na Mnyarwanda husema sindarya, wote wakiwa na maana ya "sijala". Katika kila neno kuna kipande kidogo cha katikati kinachofanya kazi ya -ja- yetu. E. O. Ashton, aliyechapisha kitabu chake maarufu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1944, aliupa wakati huu jina lake peke yake, jina lenye maana ya "bado". Hakuuona kuwa tawi tu la wakati uliopita.

Bado, kwa upande wake, ni neno la kuazima kutoka Kiarabu. Shina lake ndilo lililotupatia pia baada na baadaye. Si sehemu ya kitenzi, hivyo linaweza kukaa mwanzo wa sentensi, mwisho wake, au likawa sentensi nzima. Maana yake ya msingi si kukanusha. Msikilize kondakta wa daladala au matatu anapoita abiria: "Bado mmoja! Bado mmoja tuondoke!" Hapo hakuna ukanushi wowote. Anachosema ni kwamba imesalia nafasi ya mtu mmoja. Vivyo hivyo mtu husema "bado siku mbili", "wote wameshaonja, bado wewe", "bado analala". Katika yote hayo bado inasema kwamba kuna kilichosalia, au kwamba hali iliyokuwapo inaendelea.

Basi tunapoweka bado mbele ya hajauza, tunaunganisha vitu viwili. Hajauza inasema tendo halijatokea. Bado inaongeza kwamba limesalia, liko njiani, linangojwa. Hii ndiyo sababu kikao kilimgeukia kijana. Mtu anayejibu tuhuma hataki kusema kuwa tendo limesalia. Mtuhumiwa wa wizi aliye na akili timamu husema "sijaiba", na "bado sijaiba" hawaachii hata maadui zake. Mwanasiasa anayekana maneno aliyowekewa kinywani husema "sijasema hivyo". Akisema "bado sijasema hivyo", waandishi wa habari watamsubiri nje ya ukumbi. Na yule anayefoka barabarani, "Wewe bado hujanijua!", hakanushi kufahamiana tu. Anaahidi kwamba utamjua.

Lakini zipo pahala ambapo bado ndiyo adabu yenyewe. Mtu mzima akiulizwa "Umeoa?" au "Mna watoto?", jibu la kiungwana kwa asiye nacho ni "Bado." Akijibu "Hapana" atasikika kama anayefunga mlango, kana kwamba jambo hilo halimo kabisa katika maisha yake. Na swali la "Umekula?" likijibiwa kwa "Bado", mwenye nyumba anajua la kufanya na sahani.

Kwa hiyo uchaguzi wa kwanza ni huu: kama unaeleza tu kwamba jambo halijatokea, -ja- inatosha. Kama unataka msikilizaji ajue kwamba jambo hilo linatazamiwa, ongeza bado. Ndiyo maana "sijamwona tangu Jumatatu" imekamilika bila nyongeza, kwa sababu hakuna ahadi ya kumwona wala anayeisubiri.

Shamba moja, majibu sita

Sasa tuje kwenye wakati wa kitenzi. Tuseme shangazi hakuridhika, akawauliza watu sita kuhusu kijana na shamba. Kila mmoja alimjibu kwa njia yake.

Wa kwanza alisema "hajauza". Amesema kweli ya hadi leo na hakugusa kesho.

Wa pili alisema "bado hajauza". Ametoa habari ileile, pamoja na dokezo kwamba wanunuzi wanakuja.

Wa tatu alisema "hakuuza". Huyu ametumia -ku-, kiambishi cha kukanusha wakati uliopita, ule wa -li-. Jibu lake linahitaji wakati fulani uliokwisha pita: mwaka jana, siku ile alipokuja mpimaji, alipopata shida ya ada. Wakati huo haukuleta mauzo, na sasa umefungwa. Shangazi akisikia "hakuuza", swali linalomjia ni "lini?".

Wa nne alisema "hauzi". Hili ni kanusho la wakati uliopo, na hapa linaeleza msimamo: kijana hana nia ya kuuza.

Wa tano alisema "bado hauzi". Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa sentensi hii ni sahihi kabisa lakini maana yake iko mbali na "bado hajauza". Bado inaendeleza hali iliyokuwapo, na hali iliyokuwapo ni kukataa kuuza. Maana yake ni kwamba alikataa jana na anaendelea kukataa leo. Katika "bado hajauza" mauzo yanangojwa. Katika "bado hauzi" ni ukaidi unaoendelea. Tofauti hiyo hiyo imo kati ya "bado hafanyi kazi" na "bado hajafanya kazi". Wa kwanza hana ajira mpaka leo, wa pili ana kazi mbele yake ambayo hajaigusa.

Wa sita alisema "bado hakuuza", akimaanisha kwamba hadi sasa shamba halijauzwa. Huyu ndiye aliyekosea. Bado inamwambia shangazi kwamba jambo liko wazi, linasubiriwa. Hakuuza inamwambia kwamba jambo limefungwa pamoja na wakati wake. Maneno mawili yaliyokaa pamoja yanavutana, moja huku na jingine kule.

Kosa la mtu wa sita lina chanzo kinachoeleweka. Shuleni tunafundishwa kukanusha kwa majedwali, na mwanafunzi akiambiwa akanushe "nimesoma", mara nyingi huandika "sikusoma", kwa kuwa tendo la kusoma analiona limepita. Hilo ni kanusho la "nilisoma". Asiposahihishwa mapema, hukua akiamini kwamba -ku- ndiyo hapana ya kila kilichopita. Kisha akihitaji maana ya "hadi sasa" huongeza bado juu ya -ku- na kudhani ameziba pengo.

Hata hivyo, tusimhukumu mtu wa sita kabla ya kumsikiliza hadi mwisho, kwa sababu sentensi yake ina uso mwingine. Tuseme aliendelea hivi: "Mnunuzi alimwekea fedha taslimu mezani, bado hakuuza." Sasa sentensi imesimama. Bado hapa si ile ya kungoja. Ina maana ya "hata hivyo", "pamoja na yote hayo". Ndiyo bado ya "nilimsihi sana, bado hakuja".

Hapo tunapata kipimo chepesi. Ukitilia shaka sentensi, toa bado na uweke "hadi sasa". Sentensi ikikubali, kitenzi kinachofuata kinataka -ja-. Ikikataa, jaribu "hata hivyo". Hiyo ikikaa vizuri, -ku- ni halali. "Fedha hadi sasa hazikufika" inakwaruza sikio, kwa hiyo andika "fedha bado hazijafika".

Jana haina bado

Lipo kosa la upande wa pili, nalo husikika sana katika mazungumzo ya mjini: "Jana sijaenda kazini", "Usiku wa kuamkia leo sijalala kabisa". Msemaji ametaja wakati uliokwisha fungwa, kisha akatumia kiambishi kinachofika hadi sasa. Jana imekwisha. Hakuna tena nafasi ya kwenda kazini ya jana. Kwa hiyo ni "jana sikwenda kazini" na "sikulala kabisa".

Neno leo ndilo linalotaka uangalifu, kwa kuwa siku ina sehemu zake. Saa moja asubuhi unaweza kusema "sijanywa chai", maana birika linaweza kuwa bado jikoni. Ikifika saa nane mchana, habari ya chai ya asubuhi imefungwa na utasema "leo asubuhi sikunywa chai". Siku haijaisha, ila asubuhi yake imeisha, na ni hiyo asubuhi uliyoitaja.

Jambo hili lina uzito pia tunapowasema waliotangulia. Kwa aliye hai tunasema "hajaoa". Kwa aliyefariki bila mke tunasema "marehemu hakuoa". Msomaji wa wasifu akisema msibani "marehemu hajaoa", waombolezaji watatazamana. Lakini akitaka kusimama katika siku ile ya kifo na kutazama hali ilivyokuwa, anaweza kusema "alipofariki alikuwa hajaoa". Hapo -ja- imerudi kihalali, kwa sababu alikuwa imekwisha tupeleka kwenye siku hiyo, na kutoka hapo tunahesabu "hadi wakati ule". Kosa ni kusema "alikuwa hakuoa", yaani kufunga mlango mara mbili. Kwa kijana wetu tutaandika hivi: "Shangazi alipoitisha kikao, kijana alikuwa bado hajauza." Na kwa siku zijazo: "Tutakapokutana Ijumaa atakuwa bado hajauza."

Mtego wa kabla

Ndugu wa karibu wa bado ni kabla, nalo linapenda -ja- kwa njia inayowashangaza hata wazawa. Tunasema "aliondoka kabla sijafika". Kitenzi kimekanushwa, lakini mimi nilifika, tena dakika chache baadaye. Ukanushi huo hausemi kwamba sikufika kamwe. Unasema kwamba wakati ule alipoondoka, kufika kwangu kulikuwa hakujatimia.

Kwa kuwa tendo lilitokea zamani, mwandishi hushawishika kuandika "aliondoka kabla sikufika". Sivyo. Baada ya kabla, -ja- hukaa pale pale, hata habari iwe ya mwaka juzi: "Babu aliandika wosia kabla hajaugua." Hata habari iwe ya kesho: "Mwone shangazi kabla hujasaini chochote." Njia ya pili iliyo sawa ni kutumia "kabla ya" na kitenzi-jina: "kabla ya kuugua", "kabla ya kusaini". Usizichanganye njia hizo mbili ukapata "kabla ya hujasaini". Na ukiwa na kabla, bado haina kazi. "Kabla bado hajaugua" ni kumvika mtu kanzu mbili.

Ja isiyo ja

Limebaki jambo moja linalowachanganya wanaosoma na wanaofundisha, nalo ni vitenzi vifupi kama kula, kunywa, kuja na kufa. Vitabu vya sarufi hupendelea "sijala", "hajanywa", "hajaja", "hajafa". Mitaani utasikia zaidi "sijakula" na "hajakuja". Hiyo ku ya "sijakula" ni ile ya kitenzi kula, imebaki tu ndani. Si ile -ku- inayokanusha wakati uliopita. Katika insha ya mtihani andika "sijala". Ukisikia "sijakula" mezani, usidhani msemaji amebadilisha wakati.

Kitenzi kuja ndicho chenye kiini macho kikubwa. Tazama maneno mawili haya kwa karibu: hakuja na hajaja. La kwanza linaishia na ja, na mwanafunzi anaweza kuapa kwamba ameiona -ja- ya "bado". Lakini ukilikata unapata ha-ku-ja. Ku ni ya wakati uliopita, na ja ni kitenzi chenyewe. Maana yake mtu hakufika siku ile, na imekwisha. La pili ni ha-ja-ja. Ja ya kwanza ni kiambishi, ya pili ni kitenzi, na mgeni huyo anaweza kubisha hodi wakati wowote. "Bado hakuja" kwa maana ya kungoja ni kosa lililojificha ndani ya sauti inayofanana na usahihi.

Kisha kuna neno la alfajiri. Mtu ndani ya nyumba anauliza, "Kumekucha?" Aliye dirishani anajibu, "Hakujakucha." Hapa kuna ku mbili, na hakuna hata moja ya wakati uliopita. Ya kwanza ni ya mahali, ileile inayoanza kumekucha. Ya pili ni ya kitenzi kucha, iliyobaki kama ile ya sijakula. Katikati yake imekaa -ja-, na hiyo peke yake ndiyo inayotuambia kwamba jua bado liko chini. Anayelijua neno hili atajua kwamba wakati wa kitenzi hautambuliwi kwa kuona ku popote pale, bali kwa kuangalia kilichokaa kwenye nafasi ya wakati.

Kumbukumbu za kikao

Turudi chini ya mwembe. Kelele zimetulia, na katibu wa ukoo anapaswa kuandika kumbukumbu. Akiandika "kijana bado hajauza shamba", ameweka kwenye karatasi kwamba mauzo yanatazamiwa, na siku ugomvi ukienda baraza la ardhi kuna atakayeisoma sentensi hiyo kwa sauti. Akiandika "kijana hakuuza shamba", wakili mjanja atauliza hakuuza lini. Akiandika "kijana bado hakuuza shamba", hakuna atakayejua amesema nini.

Alichokiri kijana mwishoni, baada ya shangazi kumtaka aseme upya, kilikuwa hiki: mnunuzi alikuja mwezi uliopita, wakazungumza bei, hawakuafikiana, na tangu siku hiyo hakuna kilichofanyika. Katibu makini ataandika hivi: "Mwezi uliopita mnunuzi alikuja lakini kijana hakuuza. Hadi leo hajauza, na amesema hauzi." Vitenzi vitatu, kila kimoja na wakati wake: siku iliyofungwa, muda unaofika hadi leo, na msimamo alio nao sasa. Bado haimo hata mara moja, kwa sababu hakuna mauzo yanayongojwa.

Nawe ukikaa kuandika barua, taarifa au kumbukumbu za kikao, ukajikuta umeandika bado kwa maana ya "hadi sasa", simamisha kalamu kidogo na ukague kitenzi kinachofuata. Kikiwa na -ku-, kifute, uweke -ja-.